Anza na Kifo cha Kampuni

Mazungumzo ya leo ni juu ya makampuni yaliyokwisha kufa, na namna ya kujua yalikuwa ya nani, yalifanya nini na yaliishaje. Kampuni iliyo hai leo nchini Kenya haina taabu kuichunguza. Unaingia eCitizen, unalipa ada, na Huduma ya Usajili wa Biashara inakupa waraka ambao mawakili na mabenki huuita CR12, wenye majina ya wakurugenzi na wenye hisa. Lakini andika hapo jina la Kampuni ya Wajerumani ya Witu, au la Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki, ambazo mwishoni mwa miaka ya 1880 zilikuwa zikigombea forodha za visiwa vya Lamu, nawe hutapata jibu. Zilizaliwa kabla ya Kenya kuwa na daftari la makampuni. Ya kwanza ilizaliwa Berlin mwaka 1887, ya pili ikapewa hati ya malkia London mwaka 1888, na zote mbili zilikuwa zimekwisha kuondoka kabla ya karani wa kwanza wa usajili kukaa mezani Mombasa.

Hata makampuni yaliyokuja baadaye, yenye kusajiliwa kisheria, mengi hayana faili. Watu hudhani faili zimeliwa na mchwa au zimeibwa, na pengine ni kweli, lakini iko sababu nyingine iliyo ya kawaida zaidi. Sheria yenyewe iliruhusu ziteketezwe. Sheria ya makampuni ya Uingereza ya mwaka 1948, ambayo Kenya iliifuata katika Sura ya 486, ilisema kwamba kampuni ikishafilisiwa na kuvunjwa, miaka 5 ikipita mfilisi hawezi kulaumiwa kwa kutokuwa na vitabu vyake. Kule London nako, faili za makampuni yaliyovunjwa ziliingia Hifadhi ya Taifa zikiwa zimechambuliwa: baadhi zikahifadhiwa, na nyingi za miaka ya baadaye zikatupwa, ikibaki sampuli tu. Kwa hiyo vitabu vya hesabu vimetoweka kwa idhini ya sheria. Kilichobaki ni gazeti, kwa sababu gazeti halikuwa nakala moja ndani ya kabati la mtu mmoja. Lilichapwa kwa mamia, likapelekwa Mombasa, Unguja, London na Bombei, na mahali pamoja au pawili likajaliwa kuhifadhiwa.

Hoja yangu ni kwamba anayetaka kuandika historia ya kampuni kwa kutumia magazeti aanze na kifo cha kampuni hiyo, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kuzaliwa kwake. Wengi hufanya kinyume. Wanatafuta habari ya kuanzishwa, wanakuta ukurasa mzima wa sifa, mtaji mkubwa, majina ya mabwana wakubwa, ekari nyingi za mashamba, wanaunakili, na hapo historia imekwisha kuharibika. Tangazo la kuzaliwa limeandikwa na anayetafuta fedha za watu. Tangazo la kifo limeandikwa na anayetakiwa na sheria aseme, tena mbele ya wadai wenye hamu ya kumkamata akidanganya. Maneno haya mawili hayana uzito sawa hata yakichapwa ukurasa mmoja.

Chukueni mfano wa mpira. Bei ya mpira London ilipopanda mwaka 1910 hadi kupita shilingi 12 za Kiingereza kwa ratili moja, kila aliyekuwa na kipande cha ardhi katika nchi ya joto alikuta watu tayari kununua hisa zake. Pwani yetu nayo iliingia katika homa hiyo. Huko Malindi na kandokando yake ilipandwa miti ya mpira wa aina ya Siara, iliyotoka Brazili, na miaka michache baadaye bei ikaanguka na miti ikaachwa. Msomaji wa magazeti ya 1910 ataona mashamba yaliyostawi. Msomaji wa matangazo ya ufilisi ya miaka iliyofuata atajua ni yapi yaliyopata kuwa mashamba kweli, ni yapi yaliyobaki kuwa ramani, na nani alikuwa akidai nini. Tena huyu wa pili akirudi kwenye lile tangazo la 1910 atalisoma kwa jicho jingine. Atauliza ni kiasi gani cha mtaji kilichotangazwa na ni kiasi gani kilicholipwa, maana hizo ni hesabu mbili. Ile Kampuni ya Kifalme ilitajwa kwa mtaji wa pauni milioni 2, lakini fedha ambazo wenye hisa waliahidi mwanzoni zilikuwa robo milioni tu. Anayeandika milioni 2 bila kueleza jambo hilo anamdanganya msomaji kwa kutumia tarakimu ya kweli.

Sasa kifo cha kampuni hutangazwa vipi? Katika Kenya ya Sura ya 486 ilikuwako njia ya kifungu cha 339. Msajili akiamini kwamba kampuni haifanyi kazi tena, huchapa jina lake katika Gazeti Rasmi la Serikali pamoja na onyo kwamba miezi 3 ikipita bila mtu kutoa sababu, jina litafutwa. Baadaye hutoka tangazo la pili lenye kusema jina limefutwa na kampuni imevunjwa. Hivyo ukikuta tangazo la kwanza usiandike kwamba kampuni imekufa siku hiyo. Imeonywa tu, na makampuni mengine yaliyoonywa yaliamka, yakaleta ripoti zao na kuendelea. Njia ya pili ni ya ufilisi: mkutano wa wenye hisa, uteuzi wa mfilisi, mwito kwa wadai walete madai yao kabla ya tarehe fulani, na mkutano wa mwisho wa kuonyesha hesabu. Kila hatua ina tangazo lake, na kila tangazo lina tarehe, jina na anwani. Ukishapata jina la mfilisi na anwani ya ofisi iliyosajiliwa umepata ncha ya uzi, kwa sababu mara nyingi ofisi hiyo ni ya wakili au mhasibu aliyezihudumia kampuni nyingine za wenyewe walewale. Gazeti Rasmi lilianza mwaka 1899, na leo matoleo yake mengi yamepigwa picha na yanasomeka bure mtandaoni, kwa hiyo kazi hii haimlazimu mtu wa Siyu kupanda mashua hadi Mokowe na basi hadi Nairobi.

Tuifanye kazi yenyewe sasa, kwa swali linalohusu kisiwa hiki tulichokaa. Je, Kampuni ya Wajerumani ya Witu ilipata wakati wowote kuwa na haki katika kisiwa cha Pate, ambamo Siyu imo? Utasikia watu wakisema kwamba Wajerumani walikuwa na Pate kisha wakawauzia Waingereza. Tuanze mwisho. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ilichukua nchi kutoka mikononi mwa Kampuni ya Kifalme, na kampuni ikalipwa pauni 250,000 ikaondoka. Laki 2 kati ya hizo zilitoka katika hazina ya Sultani wa Unguja, na elfu 50 ndizo zilizotolewa na Uingereza. Kabla ya hapo, tarehe 31 Julai 1893, kampuni hiyohiyo ilikuwa imeacha utawala wa Witu, iliouchukua mwezi Machi 1891. Kwa hiyo tangu 1891 mtajwa ni Mwingereza. Mjerumani lazima awe alitoka kabla.

Rudi hatua moja, hadi mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 baina ya Berlin na London, uliochapwa magazetini pande zote mbili. Kifungu cha 2 kinataka kusomwa polepole. Kuhusu Witu, kinasema Ujerumani inaondoa ulinzi wake. Kuhusu pwani ya kutoka hapo hadi Kismayu, vilevile kinasema inaondoa ulinzi. Lakini kikifika Pate na Manda, kwa tahajia ya Patta, lugha inabadilika: Ujerumani inaondoa madai yake. Waandishi wa mikataba hawabadilishi neno bila sababu. Ulinzi ni jambo lililokwisha kutangazwa, na dai ni jambo ambalo mtu analisema na mwenzake anamkatalia. Mwezi Julai 1890, basi, Pate haikuwa mali ya Mjerumani hata kwa kalamu ya Mjerumani mwenyewe.

Endelea nyuma. Tarehe 17 Agosti 1889 Baron Lambermont, Mbelgiji aliyeombwa kuwa mwamuzi, alitoa hukumu juu ya ugomvi wa forodha na utawala wa Lamu. Kampuni ya Witu ilisema Sultani wa Unguja ameiahidi, na Waingereza nao wakasema wao ndio walioahidiwa kwanza. Lambermont alipima karatasi za pande zote mbili akaona hakuna iliyokuwa na mkataba uliokamilika wa kumfunga Sultani. Sultani alikuwa huru kumpa amtakaye. Sultani huyo, Sayyid Khalifa, hakukawia. Tarehe 31 mwezi uleule akaipa kampuni ya Waingereza. Lakini angalieni kwamba hukumu ile ilihusu Lamu. Haikuhusu Pate wala Manda, na ndiyo maana madai ya visiwa hivi viwili yaliendelea kutajwa hata baada ya Lamu kupotea kwa Wajerumani. Hukumu ya Lamu haiwezi kuchukuliwa kuwa ya Pate kwa sababu tu visiwa ni majirani.

Na kwa nini Pate iliwezekana kudaiwa hata kidogo, wakati ngome ya Siyu ilikuwa chini ya Unguja tangu miaka ya 1860? Jibu liko hatua moja nyuma zaidi, katika mapatano ya Novemba 1886. Hapo mataifa yale mawili yalitaja mali za Sultani wa Unguja: Unguja na Pemba na visiwa vidogo vinavyozizunguka, kisha Lamu na Mafia, kisha ukanda wa pwani hadi Kipini, na vituo vya Kismayu, Barawa, Merka, Mogadishu na Warsheikh. Pate haikutajwa, wala Manda. Kampuni iliyozaliwa Berlin mwaka uliofuata, ikiwa na ardhi ambayo ndugu Clemens na Gustav Denhardt waliinunua kwa Sultani Ahmed Simba wa Witu mwezi Aprili 1885, iliingia katika ufa huo. Ilikuwa rahisi kusema kwamba kisiwa ambacho hakikutajwa kuwa cha Unguja ni cha Witu, maana watawala wa Witu walikuwa ni wa ukoo wa Nabahani wa Pate. Dai hilo lilijengwa juu ya nasaba. Kampuni haikuwa na forodha Siyu wala askari katika ngome yake.

Mtu aliyeanza na kuzaliwa kwa kampuni angelikosa jambo hili. Angelifungua Deutsche Kolonialzeitung, gazeti la chama cha Wajerumani waliopigania makoloni, ambalo leo limewekwa mtandaoni na maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, na angelisoma habari za Witu kwa kalamu ya watu walioitakia mema. Prinsi Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa rais wa chama hicho, alikuwa pia mmoja wa wakubwa walioiinua Kampuni ya Witu. Gazeti na kampuni vilikuwa nyumba moja. Hilo halilifanyi gazeti kuwa halina faida. Linatueleza kwa uhakika kabisa kampuni ilitaka Wajerumani waamini nini, na wiki gani. Kosa ni kulitumia kama shahidi wa yaliyotokea Pate.

Hapa watu wa Siyu wana elimu ambayo wachunguzi wengi wa magazeti hawana. Mji huu ulijulikana kwa wanazuoni wake na kwa misahafu iliyoandikwa kwa mkono, na mwanachuoni haikubali hadithi mpaka aijue sanadi yake: nani kaipokea kwa nani. Gazeti litazamwe vivyo hivyo. Ukikuta habari moja ya Lamu katika magazeti matatu ya London, usihesabu mashahidi watatu. Mara nyingi yote yameinakili simu moja iliyotoka Unguja. Unguja iliunganishwa na waya wa baharini kupitia Aden tangu 1879, lakini mwaka 1889 Lamu ilikuwa bado haina simu. Kwa hiyo habari ya Siyu ilipanda chombo hadi Lamu, ikangoja meli, ikafika Unguja, hapo ndipo ikaandikwa na mtu ambaye hakuiona, kisha ikaruka kwenda Ulaya kwa siku moja. Tarehe iliyo juu ya ukurasa ni ya kuchapwa. Tarehe ya tukio iko nyuma yake kwa siku kadhaa, pengine wiki, na anayezichanganya atajikuta akiandika kwamba jibu lilitangulia swali.

Liko na tatizo la majina, ambalo huwapotosha hata mahodari. Mji huu umeandikwa Siyu, Siu na Siwi. Pate imeandikwa Patta na Patte. Faza imeandikwa Paza, na Witu imeandikwa pia Vitu. Mashine inayogeuza picha za kurasa kuwa maandishi ya kutafutwa huharibu zaidi, hasa kwa magazeti ya Kijerumani yaliyochapwa kwa zile herufi za kizamani ambazo S kubwa hufanana na G, na s ndogo hufanana na f. Ukitafuta Siyu ukaambiwa hakuna, usiandike kwamba hakuna. Tafuta jina refu zaidi la jirani ambalo mashine haiwezi kulipoteza kwa urahisi, au jina la mtu, au tarehe ya hukumu, kisha fungua ukurasa uusome kwa macho yako kuanzia juu hadi chini. Mara nyingi kitu unachokitafuta kipo katika safu ya pili, chini ya tangazo la meli.

Najua wako wanaosema magazeti haya yote ni ya wakoloni, hayakumwona mtu wa Siyu. Sehemu kubwa ya maneno hayo ni kweli, na haifai kuyapunguza. African Standard lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902 na A. M. Jeevanjee, ambalo baadaye lilikuwa East African Standard, liliandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara na walowezi. Magazeti yetu wenyewe, kama Al-Islah la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui la mwaka 1932, yalikuja baadaye na yalikuwa na kazi nyingine. Lakini matangazo ya lazima hayakumchagua mtu kwa rangi. Mwenye duka Lamu akifa, mirathi yake ilitangazwa katika Gazeti Rasmi kwa jina na mahali, na wenye kumdai wakaitwa. Akifilisika, alitangazwa. Habari za nyuma ya gazeti zinawaona watu ambao tahariri ya mbele haikuwaona.

Mpaka wa njia hii nao ni lazima usemwe waziwazi. Washona viatu vya ngozi wa Siyu, mafundi wa nakshi, na wenye majahazi waliogawana faida kwa shirika la mdomo au kwa hati ya kadhi, hawakuwa kampuni kwa maana ya sheria ya Kiingereza. Hawakuwajibika kutangaza kuzaliwa wala kufa kwa biashara yao. Hata sheria ya kusajili majina ya biashara Kenya ilikuja mwaka 1951. Kwa hao gazeti litanyamaza, na ukimya wake si ushahidi kwamba hawakuwapo wala kwamba biashara yao ilikuwa ndogo. Historia yao iko katika madaftari ya makadhi na katika vifua vya wazee.

Na wako wanaosema wazee watosha, gazeti la nini? Mzee atakueleza nani alikuwa mkali, nani aliheshimiwa, ni familia gani iliyokataa kulipa ushuru. Gazeti halina hayo. Lakini muulize mzee kama ni kampuni ya Mjerumani au ya Mwingereza iliyokuwa ikidai Pate mwezi Septemba 1889, naye, kwa haki kabisa, hatakuwa na jibu, maana kwa babu zake wote wawili walikuwa Wazungu waliokaa Lamu. Lamu iliwahi hata kuwa na posta ya Kijerumani, tangu Novemba 1888 hadi mwisho wa Machi 1891, yaani miezi kadhaa baada ya mkataba kuwaondoa Wajerumani. Mtu aliyeona bendera juu ya posta hiyo angeweza kwa nia safi kuwasimulia wajukuu kwamba Mjerumani alitawala hadi 1891. Mihuri ya barua inathibitisha aliyoyaona. Kifungu cha 2 cha mkataba kinaonyesha kwamba kuwa na posta hakukuwa kutawala.

Kwa anayetaka kuiendeleza kazi hii hapa Pate, pengo kubwa ni la miaka ya 1890 hadi 1893: kampuni ya Waingereza iliweka nani kukusanya ushuru Siyu na Faza, na kwa hesabu gani? Gazeti la Serikali ya Unguja lilianza Februari 1892, kwa hiyo linashika nusu ya pili tu ya kipindi hicho, na nakala zake zipo Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar kule Kilimani. Nusu ya kwanza itapatikana katika barua za Sir William Mackinnon, mwenyekiti wa kampuni, zilizo katika chuo cha SOAS London. Aanze na mwisho wa Julai 1893, wiki ambayo kampuni iliondoka Witu, aone ni nani waliobaki wakiidai, kisha arudi nyuma toleo baada ya toleo.